Kura mbili katika kikao kimoja: Benki Kuu ya Uingereza, Agosti 2025. Nisaidieni kujenga jibu la mtihani

Msomi_Njiani

Habari za jioni wakuu. Nasoma uchumi mwaka wa tatu. Mwalimu wetu ametupa aina ya swali litakalokuja: tuchukue uamuzi mmoja halisi wa kamati ya sera ya fedha, tueleze wajumbe walipimaje takwimu zinazopingana na walipigaje kura. Ni insha ndefu, alama 30, saa moja na nusu.

Nimechagua Benki Kuu ya Uingereza, uamuzi uliotangazwa tarehe 7 Agosti 2025. Riba ilishuka kutoka asilimia 4.25 hadi 4, kwa kura 5 dhidi ya 4. Rasimu yangu inaanza hivi: "Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.6 wakati lengo ni 2. Ukosefu wa ajira ulikuwa 4.7 na ulikuwa ukipanda. Wajumbe watano walijali ajira, wanne walijali bei, kwa hiyo walioshinda ni wa ajira."

Nikiisoma naiona nyepesi, halafu aya mbili tu na sina la kuongeza. Nimekosea wapi?

Kaka_Mtaji

Mdogo wangu, umesahau jambo kubwa kuliko yote. Kikao hicho kilikuwa sare, nne kwa nne, na gavana Andrew Bailey akatumia kura yake ya uamuzi kama mwenyekiti. Sheria inampa. Andika hivyo, msahihishaji ataona unaijua taasisi.

Bi_Rehema

Kaka Mtaji, nusu ya ulichosema ni kweli. Kura ya uamuzi ipo kisheria, mwenyekiti huitumia kura zikilingana. Lakini siku hiyo haikutumika, na mwanafunzi akiandika kwamba ilitumika atapoteza alama mahali ambapo kisa hiki kina utamu wake.

Kamati ina watu 9. Bailey alishapiga yake kama mjumbe. Kura ya kwanza ilitoka hivi: wanne walitaka kushusha kwa robo pointi, nao ni Bailey, Sarah Breeden, Swati Dhingra na Dave Ramsden. Wanne walitaka riba iachwe pale pale kwenye 4.25, nao ni Megan Greene, Clare Lombardelli, Catherine Mann na Huw Pill. Mmoja, Alan Taylor, alitaka kushusha kwa nusu pointi nzima, hadi 3.75. Nne, nne, moja. Hakuna upande uliopata watano.

Wakapiga kura mara ya pili. Taylor akahamia robo pointi, ikawa 5 kwa 4. Kamati hiyo ilianza kazi mwaka 1997, na haikuwahi kulazimika kupiga kura mara mbili kupata uamuzi. Ndiyo maana nakwambia Msomi umechagua vizuri, ila umekiacha kisa nje ya jibu lako. Wewe umeandika matokeo ya mwisho tu.

Nimesahihisha mitihani ya uchumi miaka mingi. Wanafunzi wengi wakiona "5 kwa 4" huandika kwamba kulikuwa na makundi mawili. Hapa yalikuwa matatu.

Msomi_Njiani

Shikamoo mwalimu. Hilo la kura mbili nililiona kwenye habari nikadhani ni utaratibu wa kawaida. Sasa swali: kama Taylor alitaka 3.75, je, kura yake ya pili ni ya kweli? Naweza kuandika kwamba alishindwa?

Bi_Rehema

Marahaba mwanangu. Usiandike alishindwa. Wapange wajumbe kwenye mstari kama watu kwenye foleni, kutoka anayetaka riba ya juu hadi anayetaka ya chini. Wanne wa 4.25 wako mwanzo, wanne wa 4.00 wanafuata, mmoja wa 3.75 yuko mwisho. Mtu wa tano, aliyesimama katikati kabisa, yuko upande wa 4.00.

Sasa shindanisha mapendekezo mawili mawili. Ukiuliza "robo au kuacha?", Taylor lazima aende robo, kwa sababu kwake robo ni bora kuliko hakuna. Robo inashinda 5 kwa 4. Ukiuliza "robo au nusu?", wale wanne wa kuacha wataona robo ni afadhali, inashinda 8 kwa 1. Pendekezo la katikati linayashinda yote mawili. Kwa hiyo kura ya pili haikubadilisha mawazo ya mtu yeyote. Ilidhihirisha kitu kilichokuwamo tayari kwenye kura ya kwanza.

Aya moja kama hiyo ina thamani kuliko kurasa mbili za kueleza lengo la asilimia 2.

Mswahili_wa_Leicester

Salaam. Mimi niko huku huku Uingereza, si mchumi, ni dereva. Siku ile niliifuatilia kwa sababu mkopo wangu wa nyumba unafuata riba ya benki kuu, ikipanda nami napanda, ikishuka nashuka. Deni langu lilikuwa karibu pauni 150,000. Robo pointi kwangu ni pauni 375 kwa mwaka, yaani kama 31 kwa mwezi. Ningefurahi wangempa Taylor haki yake, zingekuwa 62.

Ila kuna jambo sielewi. Mwezi huo huo bei ya siagi, nyama ya ng'ombe na chokoleti dukani ilikuwa inatupasua. Mke wangu aliacha kabisa kununua siagi. Sasa benki inashushaje riba wakati bei zinapanda? Mimi nimefaidi, lakini haiingii akilini.

Kaka_Mtaji

Hapo ndipo na mimi nasema walikosea. Bei ikiwa juu ya lengo, unapandisha. Kanuni ni hiyo.

Bi_Rehema

Kaka wa Leicester umeuliza swali ambalo wajumbe wenyewe walibishana juu yake, na siagi ya mkeo ilikuwa mezani pale. Kwanza nimjibu Kaka Mtaji.

Riba ikibadilishwa leo haigusi bei za leo. Huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kufanya kazi yake sawasawa. Kwa hiyo mjumbe hapigi kura juu ya 3.6. Hiyo imeshatokea, haina dawa. Anapiga kura juu ya mfumuko wa bei wa mwaka 2027. Benki yenyewe ilikadiria kwamba mfumuko ungefika asilimia 4 mwezi Septemba kisha uteremke. Aliyepiga kura ya kushusha alikuwa anaamini mteremko huo. Aliyekataa alikuwa na shaka nao. Swali lililowagawa ni moja tu: je, hili tunaloliona litapita lenyewe, au litaingia kwenye mishahara na kubaki?

Sasa siagi. Bei ya chakula Uingereza ilikuwa imepanda kwa asilimia 4.5 hadi Juni. Upande mmoja ulisema: hiyo inatokana na soko la dunia na gharama za waajiri zilizoongezeka Aprili, ambapo mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa ulipandishwa hadi asilimia 15 na kima cha chini cha mshahara kikafika pauni 12.21 kwa saa. Ni mambo ya mara moja. Mwakani hayatakuwamo kwenye hesabu. Upande wa pili ulijibu: mtu hapimi mfumuko wa bei kwa ripoti ya ofisi ya takwimu, anaupima dukani. Mke wa mwenzetu ameacha siagi. Atakapoambiwa mwakani mshahara utapanda asilimia 3, atakumbuka siagi, ataomba 5. Akipewa, mwajiri atapandisha bei. Jambo la mara moja linakuwa la kudumu.

Ona, Msomi: takwimu ni ile ile moja. Hakuna aliyeikana. Waligawanyika juu ya itakakokwenda. Ndiyo maana sentensi yako ya "watano walijali ajira, wanne walijali bei" si sahihi. Wote tisa wana lengo moja la asilimia 2.

Dada_wa_Takwimu

Naomba nichangie upande wa ajira, kwa sababu nafanya kazi ya takwimu na hapa watu huzichukua namba kama zimeshuka kutoka mbinguni.

Ile 4.7 ya ukosefu wa ajira inatoka kwenye utafiti wa kaya. Uingereza imekuwa na tatizo kubwa la watu kutokujibu utafiti huo, hadi Oktoba 2023 ofisi yao ya takwimu iliacha kwa muda kutoa namba zake. Kwa hiyo kamati inaangalia pia chanzo cha pili, yaani orodha ya watu wanaolipwa mishahara kupitia mfumo wa kodi.

Sasa tazameni kilichotokea. Mwezi Juni 2025, makadirio ya kwanza yalionyesha kwamba mwezi Mei walioajiriwa walipungua kwa 109,000 kwa mwezi mmoja. Ni namba ya kutisha. Mwezi mmoja baadaye namba ya mwezi ule ule ikasahihishwa, ikawa karibu 25,000 tu. Fikiria wewe ni mjumbe. Ukipiga kura kwa ile ya kwanza, unaona uchumi unaanguka. Ukipiga kwa ya pili, unaona unapungua taratibu. Ni Mei ile ile.

Nilipokuwa mdogo kazini niliwahi kupeleka makadirio ya awali kwa wakubwa bila kuandika kwamba ni ya awali. Yalisahihishwa baada ya wiki tatu, uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Tangu hapo nikiona namba ya mwezi mmoja nauliza kwanza imesahihishwa mara ngapi.

Msomi, ukiandika "ukosefu wa ajira ulikuwa 4.7 na ulikuwa ukipanda" bila kusema namba hiyo ina mashaka kiasi gani, umeacha nusu ya upimaji nje.

Msomi_Njiani

Hili la 109,000 sikulijua kabisa. Kwa hiyo naweza kusema mjumbe hapimi namba pekee, anapima na uzito wa kuiamini?

Dada_wa_Takwimu

Ndiyo, na uonyeshe kwa mfano. Chukua mishahara. Ilikuwa inapanda kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka, ambayo ukiiangalia peke yake inawapa nguvu wanaotaka kuacha riba ilivyo. Lakini mshahara ni kitu kinachochelewa. Makubaliano ya mwaka jana bado yanahesabiwa leo. Benki ina watu wake wanaozunguka kuongea na makampuni, na wao walikuwa wanasikia kwamba nyongeza za mwaka huo zingekuwa chini ya 4. Namba iliyochapishwa inasema 5, waajiri wanasema chini ya 4. Unamwamini nani? Hapo ndipo hukumu ya mjumbe inapoingia, na watu wawili waaminifu wanaweza kuachana njia.

Mama_Ntilie_Ubungo

Jamani samahani, nimeingia kwa sababu nimeona kichwa cha riba. Mimi nina mkopo wa biashara, nalipa riba kubwa. Julai 2025 benki kuu yetu ilishusha riba yake kutoka 6 hadi 5.75. Mbona kwangu haikushuka hata shilingi? Kamati yetu ilipiga kura ngapi kwa ngapi?

Bi_Rehema

Dada yangu, swali lako ni zuri ila ni la uzi mwingine, nitalijibu kwa kifupi. Riba ya benki kuu ni bei ya fedha baina ya benki na benki. Mkopo wako una na gharama nyingine ndani yake, hofu ya kutolipwa ikiwa kubwa kuliko zote, na kama mkataba wako ni wa riba isiyobadilika basi hautikisiki mpaka uishe. Mwenzetu wa Leicester mkataba wake umeandikwa ufuate riba ya benki kuu, wako haukuandikwa hivyo.

Kuhusu kura: Tanzania na Kenya kamati hutoa tamko lenye uamuzi na sababu, haitaji nani kapiga nini. Tanzania yenyewe imeanza kutumia riba kama chombo kikuu Januari 2024. Ndiyo sababu nilimsifu Msomi kwa kwenda Uingereza. Swali linadai kura, na huwezi kuchambua kura usizoziona.

Kaka_Mtaji

Sawa, nimekubali la kura ya uamuzi. Ila nina hoja nyingine. Gavana ni bosi. Waajiriwa wa benki watamfuata, na wale wa nje walioteuliwa na serikali watampinga. Kura ya 5 kwa 4 ni waajiriwa watano dhidi ya wa nje wanne. Hesabu inakaa vizuri.

Bi_Rehema

Inakaa vizuri kwa idadi, kwa sababu kweli wa ndani ni watano na wa nje ni wanne walioteuliwa na Waziri wa Fedha. Lakini yatazame majina. Lombardelli ni naibu gavana anayesimamia sera ya fedha yenyewe. Pill ni mchumi mkuu wa benki. Wote wawili walimpinga gavana wao. Na wa nje waligawanyika katikati: Dhingra na Taylor walitaka kushusha, Greene na Mann walitaka kuacha. Wa ndani 3 kwa 2, wa nje 2 kwa 2.

Na gavana mwenyewe hushindwa. Mervyn King alishindwa kwa kura Agosti 2005, riba ikashushwa yeye akitaka iachwe. Juni 2007 akashindwa tena, safari hii yeye akitaka kupandisha. Kawaida gavana hupiga mwisho, na bado haikumwokoa.

Mtu wa kuangalia zaidi ni Mann. Februari 2025 alitaka kushusha nusu pointi, pamoja na Dhingra. Mei na Agosti akataka riba iachwe. Ukimwita "mkali" au "mpole" utakosea yote mawili. Alibadilika kadiri alivyoziona takwimu, na kumbukumbu za kikao zinaandika sababu za kila upande. Msomi, mfuatilie mjumbe mmoja kwa vikao vitatu. Msahihishaji atakukumbuka.

Kaka_Mtaji

Hapo sikubaliani moja kwa moja. Mtu anayehama kutoka nusu pointi hadi sifuri ndani ya miezi mitatu, mimi naona hana msimamo. Uchumi haubadiliki haraka hivyo. Nani atapanga biashara?

Dada_wa_Takwimu

Na mimi nina shaka kidogo hapo, ingawa si kwa sababu hiyo. Anaweza kuwa sahihi kwa hoja yake, lakini kama kila mjumbe angefanya hivyo soko lisingeweza kusoma chochote. Sijui mpaka uko wapi kati ya kusikiliza takwimu na kuyumbishwa nazo.

Bi_Rehema

Hilo siwezi kulifunga hapa. Nimelibishania na wenzangu miaka mingi. Msomi, liweke kwenye jibu kama swali lililo wazi, na useme wewe unaegemea wapi.

Msomi_Njiani

Nimeandika upya aya yangu ya kwanza, naomba mnisahihishe bila huruma:

"Tarehe 7 Agosti 2025 Benki Kuu ya Uingereza ilitangaza kushusha riba hadi asilimia 4 baada ya kupiga kura mara mbili. Mfumuko wa bei ulikuwa 3.6 na benki ilitarajia ufike 4, huku ajira zikipungua. Wajumbe hawakupingana juu ya lengo wala juu ya namba zilizopo. Walipingana juu ya kama ongezeko la bei za chakula na gharama za waajiri lingepita au lingeingia kwenye mishahara, na juu ya kiasi gani cha kuziamini takwimu za ajira zilizokuwa zikisahihishwa. Kura ya kwanza, 4-4-1, inaonyesha upana wa tofauti hizo. Ya pili, 5-4, inaonyesha mjumbe wa katikati alisimama wapi."

Bi_Rehema

Hiyo ni aya ya mtu anayejua anachosema. Ongeza jambo moja tu mwishoni mwa jibu: nini kilitokea baadaye, kwa sababu hapo ndipo unaupima uamuzi bila kubahatisha. Mfumuko wa Septemba ulitoka 3.8, haukufika 4 kama walivyotabiri. Novemba kamati iliacha riba kwenye 4 kwa kura 5 kwa 4, Bailey safari hii akiwa upande wa kuacha. Desemba takwimu zikaja: mfumuko 3.2, ukosefu wa ajira 5.1. Bailey akahama, riba ikashuka hadi 3.75, tena 5 kwa 4. Wanane waliobaki walipiga vile vile walivyopiga Novemba.

Usiandike kwamba hiyo inathibitisha wanne wa Agosti walikosea. Mfumuko ulishuka baada ya riba kubaki 4 kwa miezi minne. Hatujui ungekuwaje kama Taylor angepata nusu pointi yake mwanzoni.

Mswahili_wa_Leicester

Kumbe ile 3.75 ya Taylor ilifika, ila kwa miezi minne ya kuchelewa. Nimepiga hesabu: kwa deni langu ni kama pauni 125 nilizolipa katikati. Mwalimu, ina maana hizo 125 ndizo zilizoshusha bei ya siagi?

Bi_Rehema

Sehemu ndogo sana, kaka, na si siagi yenyewe. Hiyo inafuata bei ya maziwa duniani. Zako 125, ukizijumlisha na za wengine wenye mikopo kama wako, zilipunguza kidogo kile watu wanachotumia kwa vitu vinavyotengenezwa na kuuzwa huko huko: kinyozi, mgahawa, fundi bomba. Wenye mikataba isiyobadilika, ambao huko ndio wengi, hawakuguswa mpaka mikataba yao iishe.

Msomi_Njiani

Mwalimu, hilo la wengi kutoguswa, wajumbe nao walikuwa wanalipima? Maana kama riba inafika kwa wachache kwanza, basi hata hiyo miezi 18 ya kusubiri huenda imerefuka.

Dada_wa_Takwimu

Kesho nikitoka kazini nakuwekea hapa jinsi wanavyolikadiria. Ni swali zuri, na wao kwa wao hawajakubaliana.